Kituo cha kifua: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kufanyia oski mazoezi na mwenzako

Mimi ni afisa wa kliniki hapa Kisumu. Nilipokuwa mwanafunzi, mimi na mwenzangu mmoja tulifanya mazoezi ya vituo jioni tatu kila wiki kwa muhula mzima, na tangu hapo wanafunzi wanaokuja wodini huniuliza maswali yale yale. Nimeyajibu hapa kwa kutumia kituo kimoja tu, cha mtu mwenye kikohozi na pumzi fupi. Nimekichagua kwa sababu huku kwetu kando ya ziwa mgonjwa wa namna hiyo utakutana naye wiki ya kwanza ya kazi, na kwa sababu ndicho kilichoniangusha mimi mwenyewe.

Oski ni mtihani wa namna gani?

Ni mtihani wa vitendo unaopitia vituo kadhaa. Kila kituo kina kazi moja, muda wake, na mtahini mwenye karatasi ya alama iliyoandikwa kabla. Ronald Harden na wenzake wa Dundee, Uskoti, waliueleza katika jarida la kitabibu mwaka 1975. Walitaka kila mtahiniwa apimwe kwa kazi zile zile na vigezo vile vile, badala ya mmoja kupata mgonjwa mwepesi na mwingine mgumu. Kumbuka jambo hilo unapojiandaa: mtahini hukupa alama kwa kile alichokuona ukifanya na alichokusikia ukisema. Ulichokiwaza bila kukionyesha hana pa kukiandika.

Maelezo ya vituo vya zamani tuyapate wapi? Je, si kuiba mtihani?

Yako ambayo idara yenyewe huyatoa kwa wanafunzi baada ya mtihani kwisha, na yako ya vitabuni. Hayo ni halali na yanatosha. Ukiletewa karatasi inayodaiwa kuwa ya mtihani unaokuja, usiiguse. Mbali na adhabu, itakufundisha kukariri jibu la mgonjwa mmoja, na mtahini akibadilisha upande wa ugonjwa kutoka kulia kwenda kushoto utataja upande wa jana.

Mara nyingi maelezo ya kituo huwa mistari miwili au mitatu tu. Kazi ya kuyajenga yawe mgonjwa kamili ni yenu wawili, na kwenye kujenga huko ndiko mtajifunza nusu ya kituo.

Kituo mnachokitumia hapa kinasomekaje?

Hivi: "Mwanaume wa miaka 34, mvuvi, amekuja na kikohozi cha wiki tatu na kukosa pumzi. Chukua historia yake. Dakika 8." Kisha kituo kinachofuata: "Mpime mgonjwa huyu kifua, eleza matokeo yako, na utaje unachofikiria. Dakika 8." Muda hutofautiana chuo na chuo, vingine hutoa dakika 5, vingine 10. Fanyeni mazoezi kwa muda wa chuo chenu, na simu ilie dakika mbili kabla ya mwisho kama kengele ya onyo.

Mwenzangu ajiandae vipi kuwa mgonjwa?

Hapa ndipo mazoezi mengi yanapoharibika. Mwenzako anakupenda, anataka upite, kwa hiyo ukimuuliza "una shida gani?" anamwaga kila kitu: kikohozi, jasho la usiku, kukonda, na shemeji aliyekuwa na kifua kikuu. Unaondoka ukidhani umechukua historia, kumbe umesomewa.

Dawa yake ni kadi ya mgonjwa yenye sehemu tatu, na yeyote anayeigiza mgonjwa ndiye anayeiandika, bila kumwonyesha mwenzake. Sehemu ya kwanza ni anayoyasema mwenyewe akiulizwa kilichomleta. Ya pili ni anayoyasema akiulizwa kwa ujumla, kwa mfano "nieleze zaidi kuhusu hiyo pumzi." Ya tatu ni yale ambayo hayatoki mpaka aulizwe jambo lenyewe kwa jina.

Kadi yetu ya mvuvi ilikuwa hivi. Mwenyewe atasema: "Nakohoa wiki ya tatu sasa, na nikivuta nyavu pumzi inakatika." Akiombwa aeleze zaidi: kikohozi kilianza kikavu, sasa kuna makohozi kidogo meupe. Wiki ya kwanza alichomwa ubavuni kulia kila akivuta pumzi ndefu, kisha maumivu yakapungua lakini pumzi ikazidi kuwa fupi. Alinunua amoksilini kwa duka la dawa, akameza siku tano, hakuona nafuu. Akiulizwa kwa jina tu: hajatoa damu, usiku analowa jasho, suruali imemlegea, anakaa Nyalenda katika chumba kimoja na shemeji yake aliyemaliza dawa za kifua kikuu mwaka jana, alipimwa virusi vya ukimwi miaka miwili iliyopita na hakuwa navyo, huvuta sigara sita kwa siku, miguu haijavimba, na usiku hulala kwa mto mmoja bila taabu.

Yatazame yale maumivu yaliyopungua huku pumzi ikizidi kuwa fupi. Mwanafunzi asiye makini huandika "maumivu yamepoa" na kuona ni habari njema. Ukweli ni kwamba ngozi mbili nyembamba zinazolizunguka pafu zikiwa na uvimbe husuguana na kuchoma, kisha maji yakijaa katikati yake zinaachana na kuchoma kunapungua. Maji hayo hayo yanalibana pafu, ndiyo pumzi inakatika. Sentensi hiyo moja ya mgonjwa inakuonyesha jibu kabla hujamgusa, lakini utaipata tu ukiuliza mambo yalivyofuatana siku kwa siku.

Mwisho wa kadi andikeni hofu moja. Mvuvi wetu anaogopa ataambiwa aache kazi ya majini. Haisemi mpaka aulizwe, "wewe mwenyewe unafikiri ni nini, na nini kinakutia wasiwasi?"

Nianzeje mazungumzo?

Piga hodi, salimia, jitambulishe kwa jina na kazi yako, hakikisha jina na umri wa mgonjwa, mweleze unachotaka kufanya na umwombe ruhusa. Yote hayo hayapiti nusu dakika: "Habari ya asubuhi, ndugu. Naitwa fulani, ni mwanafunzi wa tiba mwaka wa tatu. Ningependa tuongee kuhusu kilichokuleta, kisha nitaandika kidogo. Ni sawa?" Kisha, "Haya, niambie, ni nini kimekuleta leo?"

Halafu nyamaza. Tulikuwa tukiwasha saa na kumwacha mgonjwa azungumze dakika nzima bila kukatizwa. Mara za kwanza hakuna hata mmoja wetu aliyefika nusu dakika kabla ya kuingilia na "makohozi yana rangi gani?" Mwenzako ahesabu mara ulizomkatiza na akuonyeshe idadi.

Mtihani ni wa Kiingereza. Kwa nini tufanye historia kwa Kiswahili?

Mtahini utamripotia kwa Kiingereza, naam. Lakini mgonjwa wa kituoni mara nyingi ni mtu wa kawaida wa Kondele au Ahero, na maneno yetu ya kila siku yana mitego ambayo tafsiri ya darasani haikuonyeshi.

Neno "homa" ndilo baya kuliko yote. Wewe unakusudia mwili kupanda joto, na mgonjwa, kama Wakenya wengi, anasikia mafua. Atakujibu "sina homa, pua iko sawa," nawe utaandika hana joto. Uliza, "umesikia mwili ukichemka, au baridi ya kutetemeka?"

"Kifua" nacho kina maana nyingi. Mtu akisema "nina kifua" anaweza kuwa na kikohozi, pumu, maumivu, au aliwahi kuambiwa ana kifua kikuu. Mrudishie swali: "Ukisema kifua, unasikia nini hasa?"

Jasho la usiku linahitaji uangalifu wa mahali hapa. Kisumu ni mji wa joto, na kwenye nyumba ya mabati karibu kila mtu hutokwa na jasho. Ukiuliza "unatokwa jasho usiku?" utapata ndiyo kwa wote. Uliza kama shuka au nguo zinalowa hadi anaamka kubadilisha, na kama hali hiyo ni mpya kwake.

Kuhusu kukonda, wachache wana mizani nyumbani. Uliza kama mshipi umeongezwa tundu, au kama watu wamemwambia amepungua. Na "dawa": ukiuliza "unatumia dawa yoyote?" wengi husema hapana, maana zile za kila siku za virusi au za presha wanazihesabu kama sehemu ya maisha. Uliza, "kuna kidonge unachomeza kila siku, hata kama wewe si mgonjwa?" Kisha uliza za duka na za miti shamba.

Suala la virusi vya ukimwi liulize kwa sauti ile ile uliyoulizia makohozi: "Tunawauliza wote wenye kikohozi: umewahi kupimwa virusi? Mara ya mwisho ilikuwa lini? Majibu yalikuwaje?" Sauti ikishuka na macho yakiangalia sakafu, mgonjwa ataona kwamba unaogopa jibu.

Kama mwenzako anajua Kijaluo au Kiluhya kuliko wewe, aigize mara moja mgonjwa ambaye Kiswahili chake ni cha kubahatisha. Utajifunza kuuliza swali moja kwa wakati mmoja.

Dakika nane nizigawanyeje?

Mbili za kwanza ni za mgonjwa kusimulia. Tatu zinazofuata ni za kufuatilia kikohozi, pumzi, maumivu na dalili za mwili mzima. Moja na nusu ni za magonjwa ya zamani, dawa, familia, nyumba, kazi na sigara. Nusu dakika ni ya kuuliza hofu yake. Dakika ya mwisho mrudishie muhtasari kwa maneno yake, umwulize kama umesahau kitu. Wengi hukosa muhtasari kwa sababu kengele ya onyo huwakuta bado wanauliza kuhusu shangazi mwenye kisukari.

Mwenzangu ni mzima kabisa. Nitajifunzaje kupima kifua chenye ugonjwa?

Hili ndilo swali zuri kuliko yote, na jibu lake lina sehemu mbili.

Kwanza, kifua kizima kinakufundisha mpangilio na mkono, na ukikizoea sana kisichokuwa sawa kitakushtua chenyewe. Sauti nyingi za ugonjwa pia zimo ndani ya mwili wa mtu mzima, ila mahali pengine. Weka kidole juu ya paja la mwenzako ugonge: sauti ile nzito, iliyokufa, isiyo na mwangwi wowote, ndiyo utakayoisikia juu ya maji ya kifuani. Shuka ukigonga mbele ya kifua upande wa kulia, na karibu na ubavu wa tano au wa sita utaisikia sauti ikififia kwa sababu umefika kwenye ini. Mlio huo mzito ndio tunaouita kivivu, na hapo ni cha kawaida, usikiite ugonjwa. Gonga chini ya mbavu za kushoto mbele, juu ya tumbo lenye hewa, upate mlio wa ngoma. Weka stetoskopu shingoni juu ya bomba la hewa usikilize: pumzi ni kali, ya kupuliza, kutoka ni kurefu sawa na kuingia, na kati yake kuna kimya kidogo. Ukiisikia sauti hiyo juu ya pafu, ujue chini ya sikio lako pafu limekuwa gumu, kama katika nimonia. Mchakacho wa nimonia unaufananisha kwa kusugua nywele kati ya vidole karibu na sikio.

Pili, matokeo yaandikwe kwenye kadi nyingine, na kanuni yake ni kali: mwenye kadi hasemi tokeo lolote mpaka mkono au stetoskopu iwe imefika mahali penyewe, kwa njia sahihi. Ukigonga juu ya shati, anakaa kimya. Ukigonga kulia bila kulinganisha na kushoto, anakaa kimya. Ukisema "ninapima mtetemo wa sauti" huku mikono iko mfukoni, anakaa kimya. Ukigonga mgongoni chini kulia kwa njia inayofaa, anasema: "kivivu, kizito kama paja." Ukimya huo unauma, lakini ndio uliotufundisha mimi na mwenzangu zaidi ya jambo lolote.

Hatua zenyewe za kupima kifua ni zipi, kwa mpangilio?

Osha mikono au tumia dawa ya mikono, vaa barakoa, omba ruhusa, vuta pazia, mlaze mgonjwa akiegemea nyuzi 45 na kifua kikiwa wazi. Mtu mwenye kikohozi cha wiki tatu ni wa kupimwa dirisha likiwa wazi, na ukilitaja hilo kituoni mtahini atasikia kwamba umewahi kufanya kazi wodini.

Simama miguuni pa kitanda na utazame kabla ya kugusa. Je, anatumia misuli ya shingo kuvuta pumzi? Amekonda? Kuna kopo la makohozi? Hesabu pumzi kwa dakika nzima. Mtu mzima akiwa ametulia huvuta 12 hadi 20. Mvuvi wetu kadi inasema 26. Nenda mikononi utazame ncha za vidole kama zimevimba na kucha kupinda, shika mapigo, angalia weupe wa macho na rangi ya ulimi, kisha mkalishe upapase tezi za shingo ukiwa nyuma yake.

Bomba la hewa lipapase kwa upole, kidole cha kati kwenye kishimo juu ya mfupa wa kidari, na umwambie mgonjwa kwanza kwamba itakera kidogo. Maji mengi hulisukuma kwenda upande wa pili. Pafu lililosinyaa hulivuta upande wake. Likiwa katikati, bado kunaweza kuwa na maji ya wastani, kama kwa mvuvi wetu.

Kupanuka kwa kifua kupime kwa kukizunguka kwa mikono, dole gumba zikutane katikati bila kukandamiza, kisha avute pumzi ndefu. Tazama kama dole gumba moja limebaki nyuma. Upande unaobaki nyuma ndio wenye ugonjwa, karibu kila mara, hata kama bado hujajua ni ugonjwa gani.

Kugonga: kidole cha kati cha mkono wa kushoto kilale kabisa kati ya mbavu, vingine viinuliwe. Gonga katikati yake kwa ncha ya kidole cha kati cha kulia, kutoka kwenye kifundo cha mkono na si kiwiko, na uinue mara moja. Kata kucha. Anza juu ya mitulinga, shuka kulia-kushoto, kulia-kushoto, usisahau makwapa.

Kisha mtetemo wa sauti. Mwambie aseme "tisini na tisa" kila unapohamisha ubavu wa kiganja, kwa nguvu ile ile ya sauti. Mwisho sikiliza kwa stetoskopu, mahali pale pale ulipogonga, mgonjwa akivuta pumzi kwa mdomo.

Halafu yote hayo yarudie mgongoni. Mgonjwa ajikumbatie, mikono kwenye mabega, ili makombe ya mabega yafunguke. Kwa muda mfupi wa kituo, mgongo una faida kuliko kifua cha mbele; nitaeleza kwa nini hapa chini. Maliza kwa kupapasa vifundo vya miguu na chini ya mgongo kama kuna uvimbe.

Kwa nini wanafunzi wengi hukosa maji ya kifuani kituoni?

Kwa sababu wanaishia mbele. Mimi nilifanya hivyo katika mtihani wangu wa kwanza. Nilitumia dakika nzima kwenye kucha, nikagonga mbele kwa utulivu, nikasikiliza mbele, kengele ya onyo ikalia, nikagusa mgongo mara mbili juu karibu na shingo na kusema kifua ni safi. Mgonjwa alikuwa na maji kulia. Nilianguka kituo hicho, na ilikuwa haki.

Maji hufuata uzito wake. Mtu akiwa amekaa yanatulia chini kabisa nyuma, kwenye mfuko ulio kati ya mbavu na kiwambo cha tumbo. Mpaka yafike kiasi cha mililita 300 hivi, mkono wako huenda usiyatambue popote. Yakizidi hapo yanaanzia mgongoni chini. Ndiyo sababu nasema ukibakiwa na dakika tatu, mzungushe mgonjwa. Gonga ukishuka hadi ubavu wa kumi.

Kwa mvuvi wetu kadi ya matokeo ilikuwa hivi: joto nyuzi 38.1, mapigo 104, pumzi 26, oksijeni asilimia 94. Bomba la hewa katikati. Kulia chini kifua hakipanuki vizuri. Mgongoni kulia, kuanzia katikati ya kombe la bega kushuka, kugonga ni kuzito kama paja, mtetemo wa "tisini na tisa" umepotea, na pumzi hazisikiki. Ukanda mwembamba juu ya hapo una pumzi ile ya kupuliza. Miguu haijavimba, mishipa ya shingo haijasimama.

Nitatofautishaje maji na nimonia, ikiwa zote mbili ni kivivu?

Kwa mtetemo wa sauti. Nimonia hulifanya pafu kuwa gumu huku njia za hewa zikiwa wazi, na kitu kigumu hupitisha sauti vizuri: mtetemo unaongezeka, pumzi inakuwa ya kupuliza, na mchakacho unasikika. Maji yanakaa kati ya pafu na mkono wako yakizuia sauti isifike: mtetemo unapungua au kupotea, pumzi nazo vilevile. Na ikiwa pumzi hazisikiki lakini ukigonga kunalia kama ngoma, fikiria hewa iliyotoka nje ya pafu.

Ule ukanda wa kupuliza juu ya maji usikuchanganye. Hapo ni pafu lililobanwa na maji likawa gumu kidogo. Mwenzangu aliwahi kuusikia kwa mgonjwa wa kweli akaandika nimonia. Alipogonga vidole viwili chini yake akakuta ukuta.

Niripoti vipi kwa mtahini?

Simama umtazame yeye, mgonjwa akiwa amefunikwa. Anza na hitimisho, kisha ushahidi, kisha kile ulichokitafuta ukakikosa: "Nimempima mwanaume wa miaka 34. Matokeo yanaonyesha maji kwenye kifua cha kulia. Anavuta pumzi 26 kwa dakika. Kulia chini kifua hakipanuki vizuri, kugonga ni kuzito, mtetemo wa sauti na pumzi vimepungua. Bomba la hewa liko katikati. Hana dalili za moyo kushindwa." Sekunde arobaini zinatosha. Fanyeni hili kwa sauti kubwa, kwa Kiingereza cha mtihani, mpaka litoke bila kusitasita.

Kosa tunaloliona sana ni kutaja "kifua kikuu" kama kitu ulichokipapasa. Ulichokipapasa ni maji. Kifua kikuu ni sababu unayoiweka juu kwenye orodha kwa ajili ya wiki tatu, jasho, kukonda na shemeji. Chini yake weka maji ya nimonia isiyotibika sawasawa, kisha saratani. Moyo kushindwa kwa kawaida hujaza pande zote mbili na huvimbisha miguu, kwa hiyo unashuka chini.

Akiuliza "sasa utafanya nini?"

Eksrei ya kifua. Makohozi yapimwe kwa mashine inayotafuta vinasaba vya kifua kikuu, huku ukijua kwamba kifua kikuu cha ngozi ya pafu mara nyingi hakionekani kwenye makohozi, na jibu la "hakuna" halimalizi kesi. Kipimo kipya cha virusi, kwa sababu kile cha miaka miwili iliyopita kimezeeka. Kisha kuyavuta maji kidogo kwa sindano yapimwe. Sindano huingizwa juu ya ukingo wa juu wa ubavu, maana mishipa ya damu na ya fahamu hupita chini ya kila ubavu. Wanaoishi na mgonjwa chumba kimoja nao wachunguzwe.

Mwenzangu ni wa jinsia tofauti. Tufanyeje?

Mkubaliane kabla, kwa maneno wazi, ni wapi pa kugusa na wapi si pa kugusa. Msichana abaki na fulana nyepesi au sidiria, na mgongo peke yake unatosha kwa mazoezi mengi. Mlango usifungwe kwa ufunguo na awepo mtu wa tatu. Zoezeni hata maneno ya kituoni: "Ningependa nesi awepo wakati nakupima." Asiyetaka kupimwa asibembelezwe, aigize historia tu, na mwili wa kupimwa utafutwe kwingine.

Tupeane alama vipi bila kugombana?

Karatasi ya alama iandikwe kabla ya kuanza, mistari isiyozidi ishirini, kila mstari ukiwa kitendo kinachoonekana. "Alilinganisha kulia na kushoto katika kugonga" ni mstari mzuri. "Alipima kifua vizuri" si mstari, kwa kuwa utaishia kwenye ubishi. Kila mstari hupewa alama mbili, au moja, au sifuri.

Kengele ikilia, aliyefanya kituo aseme kwanza alichokosa yeye mwenyewe. Mara nyingi anakijua. Kisha mwenye karatasi asome sifuri zote bila maelezo, na hatua hizo zirudiwe papo hapo, kwa dakika mbili, mkono ukiwa juu ya kifua. Maelezo marefu hufuata baadaye wakati wa chai. Msiporudia hapo hapo, wiki ijayo sifuri zitakuwa zile zile. Tuliweka karatasi zetu kwenye faili moja na tukaliona hilo wazi kwa mstari wa "makwapa," uliokaa na sifuri wiki tano.

Ni mara ngapi kituo kimoja kirudiwe?

Mpaka mpangilio utoke bila kufikiri, kisha mbadilishe kadi. Maji yahamie kushoto. Siku nyingine mgonjwa awe na nimonia. Siku nyingine, na hii msiiache, kadi iandikwe "kifua ni kizima." Mwenzangu aliniwekea hiyo bila kunionya, nikataja kivivu kulia mbele ambacho hakikuwepo. Lilikuwa ini.